Shikamoo mlangoni, maswali mezani: kumsaili mtu anayekuzidi umri na uzoefu

Nilipokabidhiwa usimamizi wa stoo ya wasambazaji wa vinywaji na vyakula hapa Mwanza nilikuwa na miaka 28. Mtunza stoo alikuwa ameacha kazi, nikaambiwa nimtafute mwingine. Kati ya walioitwa kwenye usaili alikuwepo mzee wa miaka 54, aliyeanza kushika stoo kabla mimi sijazaliwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, na kuanzia hapo usaili ukawa wake. Swali la kwanza alilijibu kwa habari za kiwanda alichofanyia kazi ujana wake. Nikaona haya kumkatisha. Dakika 50 zilipokwisha nilikuwa nimeuliza maswali mawili kati ya sita.

Nilimwajiri, kwa kuwa nilitoka chumbani nikiamini kwamba anayezungumza vile lazima anajua kazi. Miezi mitatu baadaye nikagundua kuwa hesabu ya kweli anaiandika kwenye daftari lake binafsi, na kadi za stoo anazijaza zote kwa mkupuo mwisho wa mwezi. Swali langu la nne lilihusu jambo hilohilo: mzigo ukiingia au ukitoka, unaandika wapi na saa ngapi. Sikulifikia.

Tangu hapo nimesaili wazee wengi, wengine wakiwa na umri wa baba yangu. Nakuandikia wewe uliyepewa kiti ukiwa kijana na kesho una usaili wa namna hiyo.

Nianze na salamu, maana ndipo wengi wetu tunapoyumba. Mwenzangu mmoja aliamua kutoamkia kabisa siku ya usaili, akihofia kwamba akisema shikamoo ameshajiweka chini. Wazee wawili aliowasaili siku ile walimjibu neno mojamoja hadi mwisho, na mmoja wao baadaye alikwenda kufanya kazi kwa mshindani wetu na kuifanya vizuri sana. Kwetu mtoto asiyeamkia anaonekana hana malezi, na hakuna mzee atakayemfungulia moyo. Kwa hiyo amkia. Ila usiamkie ukiwa umekaa nyuma ya meza. Mimi hutoka hadi kwenye benchi wanaposubiri, nikasema shikamoo, nikapokea marahaba yangu, nikauliza habari za safari na za nyumbani, kisha tukaingia pamoja. Yote ya umri tunayamaliza kule nje, kwa ukamilifu wake. Mkishakaa, anza kazi mara moja.

Maneno yangu ya kufungulia nimeyaandika kwenye karatasi na huyasoma karibu vilevile kwa kila mtu: "Karibu sana mzee. Mimi ndiye msimamizi wa stoo, na atakayepata nafasi hii ataripoti kwangu. Tuna maswali sita na zoezi moja, jumla dakika 45. Maswali ni yaleyale kwa wote walioitwa, kwa hiyo nikikukatisha naomba usione vibaya. Nataka yote sita yakufikie." Sentensi mbili za mwisho ndizo zilizoniokoa. Ruhusa ya kumkatisha mzee inaombwa mapema, kabla hajaanza kusimulia. Ukimkatisha bila kuiomba, umemvunjia heshima. Ukiwa umeiomba, unamkumbusha tu makubaliano.

Na kumkatisha kwenyewe kuna namna yake. Ngoja avute pumzi, kisha useme: "Samahani mzee, hapo nimekuelewa. Turudi kwenye ile siku mzigo ulipopungua. Wewe mwenyewe ulifanya nini?" Sikiliza viambishi vyake. Mtu wa miaka mingi kazini hupenda kusema tulifanya, tulikuwa tunahesabu, tulikamata. Huenda ni unyenyekevu, na huenda ni kazi ya mtu mwingine. Mrudishe kwenye nili- taratibu, mara mbili, hata mara tatu. Aliyefanya atakupa saa, mahali na karatasi aliyoishika. Aliyesimama pembeni ataendelea na tuli- hadi mwisho.

Akikuita mwanangu au binti yangu, usimsahihishe. Nilijaribu kusahihisha mara moja tu, na robo saa iliyofuata tulizungumzia neno hilo badala ya stoo. Mwache aite, wewe endelea na swali linalofuata.

Jambo gumu zaidi kuliko salamu ni pale jopo lenu linapokuwa na mtu mzima. Sisi huwa watatu: mimi, mtu wa rasilimali watu, na mhasibu wetu mwenye mvi. Ninauliza mimi, mzee anamjibu mhasibu. Anamtazama yeye na kumwelezea yeye, na hata mwisho anamshukuru yeye. Halina ubaya wa makusudi, jicho lake limezoea kumtafuta mkubwa. Lakini mhasibu akianza kuitikia kwa kichwa, usaili umehamia kwake na huwezi kuurudisha kwa kupaza sauti. Siku hizi tunapatana kabla. Ninapouliza mimi, yeye anaangalia karatasi na kuandika. Akijibiwa yeye, ananigeukia mimi, na macho ya mzee hufuata. Swali la usalama wa fedha ndilo lake peke yake, na hapo mimi ndiye ninayeinama kuandika.

Sasa zoezi, ambalo kwangu lina uzito kuliko maswali yote. Anayekuzidi uzoefu huwezi kumpima kwa kushindana naye kwa maneno, maana anayo mengi kukuzidi. Mpe kazi ndogo ambayo jibu lake unalo kabla hajaingia.

La kwangu ni hili. Namwekea kadi ya stoo ya bidhaa moja, katoni za juisi. Kadi inaonyesha salio la mwanzo 140, zimeingia 200, zimetoka 60, kisha 85, kisha 45. Salio la kadi ni 150. Karatasi ya kuhesabia rafu inaonyesha 126. Pembeni nimeweka rundo dogo la nyaraka: oda ya ununuzi, hati ya mapokezi, na hati tatu za kutolea mzigo. Namwambia: "Hesabu imepungua katoni 24. Nieleze ungefanya nini leo." Nampa dakika 12 na kalamu, kisha nanyamaza.

Oda inasema 200. Hati ya mapokezi inasema zilizopokelewa ni 176, na nyuma yake kuna maelezo kuwa katoni 24 zilifika zimelowa zikarudishwa, na dereva amesaini. Aliyejaza kadi alinakili namba ya oda. Hakuna kilichoibiwa.

Alama nimeziandika kabla ya usaili, na jopo zima linazo. Anayesema moja kwa moja ni wizi, waitwe wapakizi, anapata 1. Alama hiyohiyo anapata anayesema tubadilishe kadi isome 126 mambo yaishe. Anayepekua nyaraka na kuona 176 anapata 3. Anayepata 5 ni yule anayeona 176, halafu akasema kadi haifutwi: unaandika mstari mpya wa marekebisho wenye tarehe, sababu na namba ya hati ya mapokezi, unamletea msimamizi asaini, kisha unamwuliza mhasibu kama aliyetuuzia ametudai 200 au 176. Kila mjumbe anaandika alama yake kimya, na hakuna anayesema kitu hadi msailiwa atoke. Tukianza kuzungumza kabla ya kuandika, alama zetu huishia kufanana na za mwenye mvi.

Ukiwa na karatasi hii huna haja ya kujifanya unajua kila kitu. Mzee mmoja aliniuliza katikati ya zoezi, "Mwanangu, wewe umeshika stoo miaka mingapi?" Nikamjibu, "Minne, mzee. Umebakiza dakika saba." Akarudi kwenye nyaraka. Swali kama hilo lijibu kwa ukweli na kwa ufupi. Ukianza kujitetea kwa vyeti na mafunzo, umekubali kusailiwa wewe.

Kuna swali ambalo wasimamizi vijana wengi wanatamani kuliuliza: utakubali kuongozwa na mtu mdogo? Usiliulize. Kila mtu anayetaka kazi atasema ndiyo. Uliza jambo lililokwisha kutokea: "Nipe mfano wa karibuni ambapo bosi wako alitoa uamuzi ambao wewe uliona haufai. Ulimwambia nani, na wapi?" Mimi nasikiliza hilo nani na wapi. Aliyemfuata bosi ofisini na kumwambia ana kwa ana, hata kama alibishana naye vikali, naweza kufanya naye kazi. Aliyewaambia wapakizi kwanza, au aliyenyamaza akaendelea kufanya alivyozoea, simchukui hata akiwa na 5 ya zoezi.

Usimwulize pia amebakiza miaka mingapi kustaafu, wala kama mgongo bado una nguvu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania inakataza ubaguzi wa umri kazini. Kama kazi ina ugumu wake, useme kwa kila anayeingia, kijana na mzee: mwisho wa mwezi tunahesabu rafu hadi saa nne usiku, na kuna ngazi ya kupanda. Kisha umwache aamue mwenyewe.

Mshahara ndio mahali ambapo niliwahi kulegea tena baada ya kufanya yote haya vizuri. Mzee ananiambia ana watoto chuoni, sauti imeshuka, nami najikuta naahidi kitu nisicho na uwezo nacho. Sasa ninaingia na kiwango cha chini na cha juu vilivyokwisha kusainiwa na mkurugenzi. Namwambia viwango hivyo, na kwamba uzoefu wake unamweka upande wa juu, na zaidi ya hapo sina. Huwa wanaelewa haraka kuliko nilivyodhani.

Anayekosa nafasi, mpigie simu mwenyewe. Mwezi uliopita nilimpigia mzee aliyepata 1 kwenye zoezi, kwa sababu alisema kadi ibadilishwe tu. Nilimwamkia, nikamwambia hakupata, na nikamweleza kilichomponza kuwa ni ule mstari wa marekebisho. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Pale kwetu tulizoea kufuta." Nikamwambia, "Nafahamu, mzee. Hapa hatufuti." Akaniombea heri, nami nikamwitikia amina, na jioni ile nikampigia aliyepata kazi.