Barua ya babu kwenda kliniki: hesabuni vidonge kwanza

"Wakuu, babu yangu ana kisukari na presha. Siku hizi anasahau dawa, lakini akifika kliniki anamwambia daktari kwamba anameza zote. Tunataka tuandike barua. Tuweke nini humo, na tufanyeje asione kwamba tumemsemea?"

Mimi niliandika barua ya namna hiyo pamoja na babu yangu, na kosa nililolifanya kabla ya kuiandika ndilo lililonifundisha nini kiwemo, kwa hiyo nianze nalo.

Babu alikuwa akimeza glibenklamidi ya miligramu 5 na metformini kwa ajili ya sukari, pamoja na amlodipini ya miligramu 10 kwa ajili ya presha. Ukiitazama kadi yake ya kliniki, ungeona kwamba mwezi Machi sukari yake ilikuwa 13 kabla ya kula, na daktari akaongeza glibenklamidi kutoka kidonge kimoja kwa siku kuwa viwili. Uamuzi huo ulieleweka kwa habari alizokuwa nazo, kwani babu alimwambia kwamba hakosi hata siku moja. Kumbe dawa haikushindwa kazi, ila ilikuwa haimezwi, na kliniki isiyojua hilo huishia kuongeza dozi.

Nilipokwenda kukaa naye mwezi Juni na kugundua kwamba anaruka dawa, niliona dawa ni kumsimamia tu. Nikaanza kumpa kila kitu kwa wakati, kama bahasha zilivyoandikwa. Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, alianza kutokwa jasho, mikono ikatetemeka, akaniita kwa jina la baba yangu. Nilidhani ni kule kusahau kwake kumezidi. Shangazi ndiye aliyeleta kipimo, kikasoma 3.1, na chini ya 3.9 kwa mtu anayemeza dawa ya aina hiyo ni sukari iliyoshuka. Tulimpa maji yenye sukari, kisha chakula, halafu tukampeleka hospitali, kwa sababu sukari iliyoshushwa na glibenklamidi huweza kupanda kidogo na kushuka tena baada ya saa kadhaa. Dozi iliyokuwa imepandishwa juu ya vidonge visivyomezwa ilikuwa kubwa mno mara ilipomezwa yote. Kwa hiyo mkigundua kwamba babu yenu amekuwa akiruka dawa za sukari au za presha kwa muda mrefu, msianze kumrudishia zote kimyakimya. Pigeni simu au nendeni kliniki kwanza.

Usiku ule ndipo tulipohesabu. Dawa zilikuwa zimetolewa siku 24 zilizopita. Glibenklamidi zilikuwa 60, na bahasha ilikuwa na maandishi ya 1x2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, hivyo zilipaswa kutumika 48 na kubaki 12. Tulikuta 31, maana yake alikuwa amekosa 19, na kama si zile siku zangu tatu angekuwa amekosa zaidi. Amlodipini zilikuwa 30 za kumeza mara moja, zikapaswa kubaki 6, lakini tulikuta 3. Hapo wote tulinyamaza, kwa maana mtu yuleyule alikuwa akipunguza dawa moja na kuzidisha nyingine. Bahasha zote zilikuwa nyeupe, wino umefutika kwa kushikwashikwa, na jioni alikuwa akichukua iliyo karibu na kitanda. Angalizo moja: hesabu hii ina maana tu ikiwa vidonge vya mwezi uliopita havikumiminwa pamoja na vipya. Vikichanganyika, anzeni kuhesabu upya siku ya kuchukua dawa nyingine.

Sasa barua. Babu alikuwa karani kwa miaka mingi, na jambo hilo lilituokoa, kwani nilipomletea karatasi niliyoandika mwenyewe yenye maneno "babu yetu amechanganyikiwa" aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaniambia, "Mjukuu wangu, barua yangu nitaisema mimi, wewe shika kalamu." Akaanza na anwani, tarehe, "Kwa Mganga Mfawidhi," na "YAH: KUSAHAU NA DAWA NILIZOKOSA." Neno kuchanganyikiwa alilikataa katakata, na kwa kweli alikuwa sahihi kuliko mimi, kwa kuwa kwa daktari kusahau kunakokuja polepole si sawa na mtu kuchanganyikiwa ghafla. Aya yake ya kwanza ilikuwa hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mgonjwa wenu wa sukari na presha. Nilipoulizwa juu ya dawa nilijibu kwamba nameza zote. Nilijibu kwa imani, lakini tulipohesabu tarehe 27 Juni tumeona sivyo. Namruhusu mjukuu wangu aingie nami chumba cha daktari."

Sentensi hiyo ya mwisho msiiache. Mwenye siri ni mgonjwa, na akiandika mwenyewe kwamba ameridhia, daktari atazungumza nanyi kwa uhuru, naye hataona kwamba mmemshtaki.

Baada ya hapo tuliweka hesabu ya vidonge, tukaeleza siku ile ya 3.1, kisha tukaandika kusahau kwenyewe kwa matukio, si kwa sifa: kwamba kulianza kama mwaka mmoja nyuma, kidogo kidogo, kwamba mwezi Mei alilipa bili ya maji mara mbili, kwamba alipotea njia ya kurudi kutoka msikitini anakosali miaka yote. "Anasahau sana" haimsaidii daktari. Tuliandika pia kwamba usiku humeza Piriton za dukani kwa ajili ya mafua, jambo ambalo hakuna aliyeliona kuwa dawa. Dawa hiyo humtia mzee usingizi na huvuruga kumbukumbu. Yote yalienea kwenye upande mmoja wa karatasi, na tuliikabidhi kwa muuguzi anayepima presha, ili daktari aisome kabla babu hajakaa kitini.

Daktari alisimamisha glibenklamidi na Piriton, akapanga dawa zote zilizobaki zimezwe asubuhi isipokuwa metformini ya jioni, tena akasema shangazi ndiye atakayezitoa. Alimpa babu maneno matatu ayashike, akamchoresha saa ya ukutani, kisha akamuuliza yale maneno. Babu alikumbuka moja. Akaagiza kipimo cha vitamini B12, kwa kuwa metformini ikitumika miaka mingi huweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake nao huleta kusahau. Jina la ugonjwa hakulitaja. Alisema sukari itulie kwanza, ndipo apime tena.

Barua ni ya kusahau kunakokuja polepole. Babu akivurugika kwa ghafla, akapinda mdomo, akalegea mkono au akashindwa kusema, acheni kalamu mwende hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya kurudi kliniki tulihesabu tena asubuhi, na vidonge vilivyobaki vililingana na tarehe. Majina ya majirani bado yanampotea. Barua ya pili aliisema kwa mistari minne tu, akatia saini, akaniagiza nakala niiweke kwenye faili lake.