Modeli ya kuchuja TB: rikoli au prisishoni?

"Wakuu, modeli yangu ya TB kwa eksirei imetoa [[882 98] [4 16]], prisishoni 14% tu, niitupe?"

Usiitupe mkuu. Kama ni sklearn, mistari ndo hali halisi na safu ndo modeli ilivyosema, so mstari wa chini ndo wagonjwa wako 20, imekamata 16, hiyo ndo rikoli 80%, na 4 imewaambia wazima, wanarudi zao Chamwino kukohoa ndani na watoto. Hao ndo wa kukunyima usingizi, sio wale wazima 98 walioambiwa wana TB wakakushushia prisishoni, maana hao wanatoa makohozi, maabara inasema huna kitu, yameisha.

Na jamaa uliyesema aangalie akyurasi tu, ndio iko 89.8% ila modeli inayosema wote wazima inapata 98% bila kumwona mgonjwa hata mmoja 😅

WHO kwa kipimo cha kuchuja TB wanataka angalau 90% ya wagonjwa wakamatwe na 70% ya wazima waachwe, wewe uko 80 na 90, so una nafasi ya kushusha kizingiti. Tuseme inakuja [[784 196] [1 19]], wa kupimwa makohozi wanatoka 114 wanafika 215 ili upate wagonjwa 3 zaidi. Kama maabara ina katriji mi nashusha, kama hazitoshi kaa na mtu wa maabara mbishane.

Dada aliyeuliza kuanzisha dozi bila maabara, hapo ni kesi nyingine kabisa, prisishoni ndo inakuwa bosi.

Alafu wagonjwa 20 ni wachache, mmoja tu akihama rikoli inaruka 5%.