Nitume Jumanne asubuhi au wakati wowote?

"Wadau wa Mwanza, maombi ya kazi kwa imeili nitume siku gani, saa ngapi? Au haijalishi?"

Aliyekujibu Jumanne saa 3 asubuhi hajakosea sana, ila pale ambapo tangazo lina tarehe ya mwisho, mara nyingi maombi husomwa baada ya kufungwa, yote kwa pamoja. Siku ina maana kwa sababu nyingine: nafasi ya kurekebisha.

Mdogo wangu aliomba kiwanda cha samaki huku Ilemela, mwisho Ijumaa saa 10 jioni. Akatuma saa 9:50, vyeti alivyoskani vina MB 18. Gmail inaruhusu hadi 25, ikapokea. Seva ya kiwanda ikakataa ukubwa huo, na ujumbe wa Mail Delivery Subsystem kwamba imeili haikufika aliuona usiku. Angetuma Jumatano angepunguza faili na kutuma tena.

Dada wa Sengerema, wewe unayetaka kuratibu imeili itoke yenyewe saa 2 asubuhi: kwenye simu weka 8:00 AM. Ukiweka 2:00 AM itatoka saa 8 usiku. Si kosa kubwa, isipokuwa labda kwa bosi anayelala na simu kitandani.

Kama tangazo halina mwisho, hapo wahi tu. Wengine huita watu kadiri maombi yanavyoingia.