Maswali na majibu: Kelvini 303 ni nyuzi ngapi, na ile alama imekwenda wapi?

Shikamoo mwalimu. Karatasi yetu ya majaribio inasema maji yawe 303 K, lakini kipimajoto cha maabara kina °C tu. Tuyapashe mpaka ngapi? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Temeke)

Marahaba. Yapasheni mpaka 30 °C. Kanuni ni moja tu: chukua namba ya kelvini, toa 273.15.

```
t = T − 273.15
303 − 273.15 = 29.85
```

Najua utaniuliza mbona nimesema 30 na si 29.85. Aliyeandika karatasi ameandika 303 bila desimali, maana yake hakukusudia usahihi unaozidi kelvini moja. Ukimjibu kwa desimali mbili unajidai kujua kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisema. Tena, kama kipimajoto chenu kina mstari kwa kila nyuzi moja, tofauti ya 0.15 kati ya 29.85 na 30 hamtaiona kwa macho.

Mambo hubadilika pale karatasi inapoandika 310.15 K. Hapo mwandishi anataka 37.00 °C kamili, na mtu aliyezoea kutoa 273 tupu atapata 37.15. Kwa maji ya kuoshea vyombo haina neno. Kwa beseni la maji moto lenye kidhibiti cha sehemu za kumi, hilo ni kosa linaloonekana kwenye kioo chake. Kwa hiyo toa 273.15 kila mara, halafu ndipo ukadirie jibu.

Kwa sisi wa Dar kuna njia nyepesi ya kujikagua. Chumba chenye kiyoyozi kikiwa karibu 27 °C, kwa kelvini ni kama 300. Joto lolote la kawaida la mezani halitakuwa mbali na 300 K. Ukikuta daftari limeandika chumba kilikuwa 30 K, au 303 °C, mtu amechanganya vipimo.

Maelekezo yanasema: "Pasha sampuli hadi 333.15 K, kisha ipoze kwa 20 K." Mimi nimepata 60 °C, halafu −253.15 °C. Mwenzangu anacheka. Nimekosea wapi? (Fundi maabara mwanagenzi, Ubungo)

Umepatia nusu ya kwanza, na kosa la nusu ya pili ndilo ninalokutana nalo kuliko jingine lolote. Niliwahi kusimamia kikundi cha wanafunzi, mmoja wao akajaza safu nzima ya daftari kwa hasi mia mbili na kitu, asishtuke hata kidogo, kwa sababu kikokotoo hakikumlalamikia.

Siri iko kwenye maneno mawili madogo ya Kiswahili: *hadi* na *kwa*. "Hadi 333.15 K" inataja mahali pa kufika, yaani joto lenyewe. Hapo unatoa 273.15 na kupata 60 °C. "Kwa 20 K" haitaji mahali. Inataja hatua, yaani umbali wa kushuka, na katika umbali 273.15 haina kazi. Hatua ya kelvini moja na hatua ya nyuzi moja ya Selsiasi zina urefu uleule. Kinachotofautiana ni pale tunapoanzia kuhesabu. Kushuka kwa 20 K ni kushuka kwa 20 °C. Sampuli yako inatoka 60 °C na kutulia kwenye 40 °C.

Hakikisha kwa kupitia njia ya pili. 333.15 toa 20 ni 313.15 K. Sasa hilo ni joto lenyewe, kwa hiyo toa 273.15: unapata 40 °C. Njia zote mbili zimekutana.

Na hiyo −253.15 °C ingepaswa kukutisha. Karibu na hapo ndipo haidrojeni inapokuwa kimiminika kinachochemka. Hata nitrojeni ya kimiminika, ile inayomiminwa ikitoa moshi mweupe, huchemka kwenye 77 K hivi, yaani −196 °C. Beseni la barafu haliwezi kukufikisha huko.

Ndiyo maana pia vipimo vyenye "kwa kila kelvini", kama uwezo wa kitu kupokea joto, havibadiliki namba ukiviandika "kwa kila nyuzi ya Selsiasi". Hapo tunazungumzia hatua, si mahali.

Kwa nini tunaandika 25 °C lakini 298 K bila kile kiduara? Nimekatwa alama kwa ajili yake. (Mzazi anayemsaidia mwanawe, Mbagala)

Anza na jinsi tunavyosema. Tunasema "nyuzi 25 za Selsiasi", lakini tunasema "kelvini 298", kama tunavyosema "kilo 5" au "mita 3". Hakuna anayesema nyuzi 5 za kilo. Kelvini ni kizio kama hivyo, na kiduara husomeka "nyuzi".

Nyuzi za Selsiasi ni alama kwenye ngazi ambayo sifuri yake watu waliiweka pale barafu inapoyeyuka. Joto halijaisha pale, na chini yake kuna baridi nyingi. Sifuri ya kelvini iko pale ambapo hakuna ubaridi zaidi ya hapo, kwa hiyo namba ya kelvini inahesabu kiasi tangu mwanzo wake, kama kilo zinavyohesabu uzito.

Tofauti hiyo ina kazi. Mtungi wa gesi uliofungwa ukitoka chumba cha 15 °C kwenda nje kwenye 30 °C, namba imeongezeka maradufu, lakini mgandamizo wa ndani haukuongezeka maradufu. Tumia kelvini: 303.15 gawanya kwa 288.15 ni kama 1.05. Mgandamizo umepanda kwa asilimia 5 hivi. Kuzidisha na kugawanya kunakubali kelvini tu.

Kitabu cha zamani cha marehemu baba kina °K kila ukurasa. Kilikosewa? (Msomaji, Kigamboni)

Hapana, kilikuwa sahihi kwa wakati wake. Ngazi hii inatokana na wazo la Wiliamu Tomsoni, aliyekuja kuitwa Lodi Kelvin, aliyelitoa mwaka 1848. Mwaka 1954 mkutano mkuu wa mataifa kuhusu vipimo uliifunga ngazi kwenye hali ambayo barafu, maji na mvuke hukaa pamoja, ukaipa 273.16 K, ambayo ni 0.01 °C. Wakati huo kizio kiliitwa "nyuzi ya Kelvin", na kiduara kikawa halali. Mkutano wa 1967 ndio uliobadilisha jina likawa kelvini, na alama ikawa K peke yake. Tangu 2019 kizio hiki kinafafanuliwa kwa namba isiyobadilika iitwayo kadiri ya Boltzmann, na maji hayahusiki tena katika fasili yake. Mtoto akinukuu kitabu hicho leo, aandike K.

K kubwa au k ndogo? Na nafasi iwepo? (Mchapaji wa ripoti, Kariakoo)

K kubwa, kwa sababu alama imetokana na jina la mtu. K ndogo ni kifupi cha kilo. Acha nafasi kati ya namba na alama: 298 K. Selsiasi nayo iwe 25 °C, nafasi ikikaa kabla ya kiduara, na kiduara kikigusana na C.