Ahadi ya mfumuko wa bei huvunjikia wapi uchaguzi ukikaribia

"Wakuu, gavana wa benki kuu hakuna aliyempigia kura. Kwa nini rais aliyechaguliwa asimwambie tu ashushe riba watu wapate ajira?"

Mkuu, hili nililielewa kwenye meza ya mishahara, nikiwa kamati ya chama cha wafanyakazi. Serikali iliahidi mfumuko wa bei wa asilimia 5. Tukaamini, tukasaini nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, miaka miwili.

Mtego ulianzia kwenye saini hiyo. Ahadi huenda ilikuwa ya dhati ilipotolewa, ila mshahara ukishafungwa, kuivunja kuna faida. Bei zikipanda asilimia 9, kazi yetu inakuwa nafuu kwa mwajiri, naye anaajiri zaidi. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, riba zikashushwa. Ajira huchangamka ndani ya miezi, bei hufuata nyuma, mara nyingi baada ya mwaka au zaidi. Kwa hiyo kura hupigwa watu wakiwa wameshaonja utamu, bili haijafika. Kwetu ilifika: 9 kweli.

Duru iliyofuata wakaahidi 5 tena. Tulidai 10. Sasa benki kuu ilikuwa na njia mbili, zote chungu: kuruhusu bei zipande tena ili waajiri waweze kulipa, au kubana fedha na watu wapoteze kazi. Wachumi Kydland na Prescott walilionyesha hili mwaka 1977: hata kiongozi mwenye nia njema hufika hapo, kwa sababu watu hujifunza kutomwamini. Mwisho unabaki na bei za juu, ajira ileile.

Mfano unaojulikana ni Rais Nixon wa Marekani. Aliamini mdororo wa uchumi ulimkosesha urais mwaka 1960, hivyo kuelekea uchaguzi wa 1972 akambana Arthur Burns, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, alegeze fedha. Mazungumzo yao yamo kwenye kanda za Ikulu. Agosti 1971 alikuwa ameshazuia bei na mishahara kupanda kwa siku 90, na udhibiti uliofuata ukaendelea kuificha homa ya bei. Alishinda majimbo 49 kati ya 50. Mwaka 1974 mfumuko ulifika wastani wa asilimia 11, ingawa, tuseme haki, mafuta nayo yalichangia sana.

Na kumbuka, benki ile kisheria ilikuwa huru. Ndiyo maana mimi siangalii sheria imeandikwaje. Naangalia kama gavana anaweza kufukuzwa kwa kukataa kushusha riba, kama benki inaikopesha hazina, na kama riba inashuka huku mfumuko uko juu ya lengo.

Kuhusu kura, Uingereza ilipata jibu mwaka 1997: serikali inaweka lengo la mfumuko, benki inapanga riba ya kulifikia. Tangazo lilipotoka, ndani ya siku chache wanunuzi wa hatifungani za muda mrefu walishusha mfumuko waliokuwa wakiutarajia.