Mumeo hafichi pesa, analipa kodi

Shangazi, hujambo? Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Nakuru. Watoto walipohama tulinunua nyumba ya vyumba viwili Kiamunyi kwa mkopo wa sako, tukaipangisha ile kubwa tuliyokuwa tukiishi, mtaa wa Section 58. Baada ya mwaka na miezi miwili tuliiuza kwa milioni 11. Sasa mume wangu amekuwa mchoyo. Anasema wakili amemwambia zaidi ya milioni moja itaenda kwa kodi, na jirani yetu aliuza yake mwaka huo huo hakulipa hata shilingi. Pesa iko kwa akaunti yake. Nataka kijana wetu apewe milioni 3 anunue lori la mchanga, kwani maisha yamemlemea, lakini baba yake anataka kulipa sako kisha anunue bondi za serikali. Kijana ameshapata muuzaji. Je, si kuna mwanamke mwingine hapa?

Dada yangu, kuhama nyumba uliyolelea watoto kunauma, pole. Lakini katika barua yako yote sijaona hata ishara moja ya mwanamke mwingine. Nimeona mwanamume aliyeuliza wakili wake akasikiliza jibu, na mama aliyemwahidi mtoto pesa kabla ya kuzungumza na mwenzake. Kijana hatafuti muuzaji wa lori bila kuambiwa na mtu kwamba pesa ipo.

Tuanze na jirani, kwa sababu hapo ndipo shaka yako ilipozaliwa. Sheria ya kodi inamsamehe mtu anayeuza makao yake ikiwa aliishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla tu ya kuyahamisha kwa mnunuzi. Huenda jirani yako alitoka siku ya kukabidhi funguo. Ninyi mlitoka mapema, mkaweka mpangaji, na miaka yote mliyolala humo kabla ya hapo haikuwasaidia tena. Wengi huko Nakuru huanguka katika shimo hili: wanaona ni busara nyumba ilete kodi ya pango huku wakisubiri mnunuzi, na miezi michache ya pango inawapotezea msamaha mkubwa mara nyingi kuliko pango lenyewe.

Kodi hiyo ya kuuza nyumba ni asilimia 15 ya faida, tangu Januari 2023. Kabla ya hapo ilikuwa 5. Hutozwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Hukunipa hesabu zenu, kwa hiyo nachukua mfano. Tuseme mlinunua kwa milioni 1.6, mkaongeza vyumba na ukuta kwa milioni 1.4, na ajenti pamoja na wakili wakachukua 450,000. Toa zote kwenye milioni 11, inabaki faida ya 7,550,000. Asilimia 15 yake ni 1,132,500. Hiyo ndiyo "zaidi ya milioni moja" unayodhani imefichwa. Haijalishi kwamba shilingi ya siku mliyonunua ilikuwa na nguvu kuliko ya leo. Sheria haiongezi kitu kwa ajili ya kupanda kwa bei.

Kuna jambo moja unaloweza kufanya badala ya kununa. Tafuta risiti za ujenzi: saruji, mabati, fundi, mchoraji ramani. Kila 100,000 ya ukarabati wa kudumu unayoweza kuthibitisha inapunguza kodi kwa 15,000. Rangi na kubadilisha vitasa si ujenzi, usizipeleke. Kisha mwombe mumeo akuonyeshe stakabadhi ya malipo kutoka iTax. Ukiiona, yaishe. Wala usimshawishi aandike kwamba mlikuwa mkiishi humo. Mkataba wa mpangaji upo, na kama pango limekuwa likitangazwa kwa KRA, mtajishtaki wenyewe.

Sasa sako. Tuseme deni lililobaki ni milioni 2.2 kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi kwa salio. Mwezi wa kwanza pekee ni 22,000 ya riba. Ili pesa hiyo hiyo ikulipe sawa katika bondi fupi ya serikali, ya chini ya miaka 10, ingebidi ipate zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka, kwa sababu riba ya bondi fupi hukatwa kodi ya asilimia 15, ilhali deni ulilolimaliza halikatwi chochote. Tena wadhamini wenu wanapumua. Mumeo yuko sahihi kabisa kuanza hapo.

Katika mfano wetu, baada ya kodi, gharama na sako inabaki kama milioni 7.2. Wekeni kando milioni 1.2 mahali pa kutolewa haraka: matumizi ya mwaka mzima, na marekebisho ya hiyo nyumba ndogo. Zisikae zote benki moja, kwani benki ikianguka bima ya amana hulipa mwisho 500,000 kwa mteja. Milioni 6 ziende kwenye bondi. Tuseme riba ni asilimia 12, kwa mfano tu. Bondi ya miaka 10 au zaidi hukatwa kodi ya asilimia 10, kwa hiyo mnabaki na 648,000 kwa mwaka, yaani 54,000 kwa mwezi. Ukitoa milioni 3 za lori, mnabaki na 27,000. Hiyo ndiyo bei halisi ya ahadi yako, na italipwa na wazee wawili kila mwezi hadi kaburini.

Bondi hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Nunueni mbili ambazo miezi yake inapishana, moja ya Januari na Julai, nyingine ya Aprili na Oktoba, ndipo pesa iingie kila baada ya miezi mitatu. Na msiweke humo pesa mtakayoihitaji karibuni, maana ukiuza bondi kabla ya muda wake wakati riba sokoni imepanda, unauza kwa hasara.

Mumeo nina neno naye pia, moja tu. Kuweka pesa yote kwa jina lake ni kosa. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa yako, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na kama sahihi yako ilihitajika kuuza, jina lako lihitajike pia kwenye pesa. Akifariki leo, akaunti hiyo inafungwa hadi mahakama ithibitishe urithi, na kwa kawaida hilo halitokei kabla ya miezi 6 tangu upewe usimamizi. Kila mmoja afungue akaunti yake ya DhowCSD ya Benki Kuu, ya kununulia bondi, milioni 3 kwako, milioni 3 kwake.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Mume anajua hesabu lakini haisemi, mke anaona ukimya anauita wizi, na mtoto anasimama katikati akivuna. Umemtaja kijana, na wale wawili wengine hukuwataja hata kwa jina la kike au la kiume. Sheria ya urithi inawaona wote sawa, na unachompa mmoja leo huweza kuhesabiwa kwenye fungu lake mzazi akifa bila wosia. Kwa hiyo mkikubaliana kumsaidia, iandikeni, na itoke kwenye riba, si kwenye mtaji. Anaweza kukopa lori benki na ninyi mkamchangia sehemu ya malipo ya kwanza. Udhamini msitie sahihi.

Mpigie kijana leo, kabla hajampa muuzaji arubuni.