Lori, treni au basi kwa mpenda ratiba?

"Napenda kurudia njia ileile na kufika kwa dakika iliyopangwa. Nianze na mchezo upi?"

Mkuu, anza na basi: OMSI 2, ule wa mwaka 2013, kwenye laini ya 92 ya Spandau, Berlin. Euro Truck Simulator 2 ni mzuri, ila ramani yake imebanwa kwa 1:19, hivyo barabarani saa nzima ya mchezo hupita kwa dakika kama tatu tu. Mzigo nao una muda wa mwisho tu. Hakuna vituo vya katikati vya kukubana.

Kwenye OMSI saa inakwenda kama ya ukutani. Tuseme kituo kinasema 14:06 nawe umefika 14:05: subiri, kwa sababu ukiondoka mapema, abiria wa 14:06 anakuta basi halipo. Wanaokuchelewesha mara nyingi ni wanunua tiketi, maana chenji unarudisha wewe mwenyewe. Ukichelewa dakika tatu usikimbize gari, abiria watalalamika. Mapumziko ya kituo cha mwisho ndiyo yatakayomeza hizo dakika.

Treni niiache kwanza. Huko ratiba huponea kwenye breki, na kuzijua kunataka subira.